Meta 6 ni milimeta ngapi? Jinsi ya kusoma kosa la mtoto kwenye ngazi ya metriki

Nafundisha hisabati shule ya msingi, na mtoto anayechanganya vipimo huwa namwanzishia swali hilohilo la hapo juu, meta 6 ni milimeta ngapi. Swali lenyewe dogo tu, ila nalipenda mana jibu likiwa limekosewa linakuonesha kabisa limekosewa wapi. Jibu sahihi ni 6,000. Sasa majibu ninayoletewa sana ni matatu: 600, 60,000 na 0.006. Hayo ni makosa matatu tofauti kabisa, na ukimwambia mtoto "nenda kakariri ngazi upya" ni kama umempa dawa ya macho mtu anayeumwa jino.

Tuchore ngazi kwanza. Vipandio saba, kuanzia juu: kilo, hekto, deka, halafu katikati kipandio cha wazi, halafu desi, senti, mili. Kile cha katikati nakiacha wazi makusudi, hapo ndo inakaa meta au gramu au lita kutegemea na swali linaongelea nini. Najua wengi tunachora ngazi tatu, ya urefu na ya uzani na ya ujazo, mimi nimeacha, kwa sababu mtoto anaziona kama mambo matatu ya kukariri wakati ni jambo moja. Wafaransa walipoweka sheria ya vipimo hivi mwaka 1795 hilo ndo lilikuwa wazo lenyewe, viambishi vilevile vipachikwe kwenye kila kipimo, kwa hiyo ukijua ya meta umeshajua na ya gramu na ya lita.

Ngazi moja inasaidia pia kwa wale wanaosoma ml wakadhani kuna meta humo ndani. Namwambia mtoto herufi ya mwisho ndo inasema tunapima nini (m urefu, g uzani, l ujazo), na herufi za mbele yake zinasema tumesimama kipandio gani. Kwenye mm basi, m ya kwanza ni mili na ya pili ni meta. Kwenye ml, m ni mili na l ni lita. Na m ikiwa peke yake haina kitu mbele, kwa hiyo ni meta iliyosimama katikati. (Kwenye rula nyingi wameandika cm, sisi kwenye daftari tunaandika sm, ni kitu kilekile.)

Haya turudi kwenye majibu yetu.

Aliyeandika 600 mwambie akuchoree ngazi yake, usimwoneshe ya kwako. Utakuta kachora m, sm, mm, basi. Desimeta haipo. Na kwa kweli simlaumu, mana desimeta nani anaitumia? Rula ina sentimeta na milimeta, ramani ina kilometa, hekto na deka na desi mtoto hajawahi kuziona popote nje ya daftari la hisabati. Kwa hiyo anazitupa, halafu anashuka hatua mbili badala ya tatu, kila hatua mara 10, anapata 6 × 10 × 10 = 600. Huyu kuzidisha anajua na mwelekeo anaujua, kinachokosekana ni kipandio tu. Dawa yake ni kumwambia vile vitatu visivyotumika vinashika nafasi hata kama hatuvitaji, kama ile sifuri ya kwenye 305 ambayo huisomi ila ukiifuta namba inakuwa 35.

Aliyeandika 60,000 ngazi yake utaikuta imekamilika, nzuri kabisa, hata kaipigia mistari kwa rula. Huyu mwangalie kidole. Anaweka kidole kwenye m anasema moja, kwenye dm mbili, kwenye sm tatu, kwenye mm nne. Kahesabu vipandio badala ya kuhesabu hatua! Kutoka m kwenda mm kuna vipandio vinne lakini unaruka mara tatu. Mimi namwambia pale unapoanzia sema "sifuri", kisha kila ukiruka ndo uhesabu. Au achore vishale vidogo pembeni kati ya kipandio na kipandio, aandike ×10 kwenye kila kishale, halafu ahesabu vishale tu. Kosa hili huwa linaisha haraka ukishalijua, shida ni kwamba mwalimu akisahihisha daftari anaona jibu tu, kidole hakioni.

Wa 0.006 ndo wa kukaa naye, kwa sababu huyu ana hoja. Anakwambia "mwalimu si nimeshuka, na kushuka si kupungua, nikagawanya". Wengine hawafiki hata kwenye desimali, wanaandika tu haigawanyiki. Na ukiangalia, ngazi yenyewe ndo imemdanganya! Tunamwambia ukishuka zidisha, ukipanda gawanya, wakati akili yake inamwambia kinyume, na siku ya mtihani akisahau ile sentensi anafuata akili yake. Kinachoshuka pale ni ukubwa wa kipimo, idadi inapanda. Hili usimweleze kwa mdomo tu, mpe kikombe na ndoo ajaze maji akihesabu, halafu mpe kijiko. Hatamaliza na kijiko, ataanza kulalamika kwamba vitakuwa vingi mno, na hapo tayari kajijibu mwenyewe: kipimo kidogo, idadi kubwa. Baada ya hapo kabla hajagusa ngazi namuuliza swali moja tu, tunakwenda kwenye kipimo kidogo zaidi au kikubwa zaidi, kwa hiyo namba itaongezeka au itapungua? Aandike pembeni kwa penseli "itaongezeka" ndo aanze kuhesabu. Akimaliza akaona 0.006 wakati pembeni kaandika itaongezeka, anafuta mwenyewe bila kuambiwa.

Sasa kuna kosa la nne ambalo meta 6 haiwezi kulionesha, linatokea swali likiwa na vipimo viwili pamoja. Badili km 3 na m 45 kuwa meta. Utapata 345 kutoka kwa watoto wengi sana, na hata akikariri ngazi mbele nyuma bado atakupa 345, mana anaona 3 anaona 45 anazibandika. Hapa naacha kuzidisha kabisa, naigeuza ngazi ilale chini iwe jedwali lenye safu: km, hm, dam, m, dm, sm, mm. Kila safu inaingia tarakimu moja tu. Tarakimu ya mwisho ya kila kipimo inakaa kwenye safu ya jina lake, kwa hiyo 3 inaingia km, na kwenye 45 ile 5 inaingia m, 4 inasogea kushoto kwenye dam. Safu ya hm imebaki tupu. Safu tupu katikati inajazwa sifuri, na sasa soma kuanzia km mpaka m: 3, 0, 4, 5. Meta 3,045. Wakisema ziwe sentimeta jaza sifuri dm na sm, soma mpaka sm, inakuwa 304,500. Hakuna kuzidisha, hakuna kusahau.

Mtoto aliyeshika thamani ya nafasi anagundua mwenyewe kwamba hizi safu ni maelfu, mamia, makumi na mamoja anayoyajua tangu zamani, zimebadilishwa majina tu. Kilo ni maelfu, hekto mamia, deka makumi, katikati mamoja, halafu desi ni sehemu ya kumi, senti sehemu ya mia, mili sehemu ya elfu. Ndo mana lita 1 na ml 75 ni 1,075 na sio 175. Weka 1 kwenye l, weka 5 kwenye ml na 7 kwenye sl, dl ikabaki tupu, sifuri.

Kupanda nako jedwali lilelile. Gramu 250 ziwe kilogramu: 0 iko g, 5 iko dag, 2 iko hg, kg tupu weka 0. Nukta unaiweka baada ya safu ya kipimo unachotakiwa kujibu, yaani baada ya kg, unasoma 0.250. Gramu 7? Safu tatu tupu mbele yake, 0.007. Watoto wengi hapa huandika 0.7 kwa sababu wanajua tu kwamba "inakuwa nukta", jedwali linawalazimisha kuziona zile sifuri mbili.

Kuna sehemu mbili jedwali hili linakukwamisha, uzijue mapema. Ya kwanza ni tani. Tani 1 ni kg 1,000, kwa hiyo ipo hatua tatu juu ya kilo, sio moja, ila vile vipandio viwili vya katikati mtoto hana majina yake. Anaipachika juu ya kilo moja kwa moja anapata tani 1 ni kg 10. Mwache aongeze safu mbili zisizo na jina kati ya tani na kg, ataweza.

Ya pili ni eneo, na hii inawaumiza watoto wa madarasa ya juu kidogo ambao tayari wanajiamini na ngazi. Meta moja ya mraba wanaandika ni sm 100 za mraba, kwa sababu m kwenda sm ni hatua mbili. Chora huo mraba: upande mmoja sm 100, upande mwingine sm 100, ndani yake 100 × 100, ni 10,000. Kila hatua kwenye eneo ni mara 100 badala ya mara 10 kwa sababu pande zote mbili zimebadilishwa kwa pamoja. Ndo mana mstatili wa m 2 kwa sm 50 hauwezi kuwa 2 × 50 = 100 ya chochote kile, 100 ya nini sasa? Badili kwanza zote ziwe sm, 200 × 50 ni sm 10,000 za mraba, ambazo ni meta 1 ya mraba kamili, na ukianza upande wa meta, 2 × 0.5, unafika palepale.