Dropu fakta siyo spidi ya dripu

Naandika hii kwa wadogo zangu wa uuguzi mnaojiandaa kwenda wodini kwa mara ya kwanza, maana kila msimu wa fildi nasikia kitu kilekile kwenye handova: "Mgonjwa wa kitanda cha nne yuko kwenye ringa lakteti, dropu fakta 42." Hakuna seti ya dripu yenye dropu fakta 42 jamani. Hiyo 42 ni jibu la hesabu, na dropu fakta ni kimoja tu kati ya vitu ulivyoviingiza kwenye hesabu ili upate hilo jibu.

Maana yenyewe ni fupi. Dropu fakta ni idadi ya matone ambayo seti fulani inatakiwa kudondosha mpaka itimie mili moja (mililita) ya maji. Seti ikiwa na dropu fakta 20, matone 20 yakidondoka ndani ya chemba, mgonjwa kapata mili moja. Namba hii imechapwa kwenye paketi ya seti, mara nyingi pembeni ya kapicha ka tone, ama imeandikwa hivi: 20 gtt = 1 ml, hizo gtt ni kifupi cha matone tu. Seti za kawaida za watu wazima utakutana na 10, 15 au 20, na zile za matone madogo madogo ni 60.

Sasa spidi ya dripu ndiyo ile unayoihesabu wewe kwa saa yako, matone mangapi kwa dakika. Spidi unaibadilisha muda wowote kwa kuzungusha kale kagurudumu kwenye mpira. Dropu fakta huwezi kuibadilisha hata uzungushe mpaka kesho, mpaka ung'oe seti uweke nyingine. Na kuna wanaoifanya dropu fakta kuwa mali ya maji, unasikia "dropu fakta ya nomo salini ni 20, ya damu ni 15". Hapana. Chupa ya nomo salini haina dropu fakta yoyote, seti uliyoichomeka kwenye hiyo chupa ndiyo inayo.

Kwa nini seti? Kwa sababu ukubwa wa tone unategemea sana lile tundu la juu ndani ya chemba. Tundu likiwa pana tone linaning'inia, linanenepa ndiyo linaachia, kwa hiyo matone 10 tu yanatosha mili moja. Seti ya 60 ina kitu kama kasindano ka chuma pale juu, tone linatoka dogo sana. Ni kweli kimiminika kizito kama damu kinabadilisha ukubwa wa tone kidogo, na ndiyo maana hata kiwanda kinapopima kinatumia maji safi na kinaruhusiwa kukosea kiasi cha sehemu moja ya kumi hivi, ila namba ya kuanzia hesabu inabaki ile ya kwenye paketi.

Tuhesabu basi. Daktari kaandika ringa lakteti mili 1000 kwa masaa 8. Fomula ni hii:

```
matone kwa dakika = (mili x dropu fakta) / dakika
```

Masaa 8 mara 60 ni dakika 480. Umechukua paketi, umesoma 20. Mili 1000 mara 20 ni matone 20,000, gawa kwa 480 unapata 41.67, tone halikatwi nusu kwa hiyo unaandika 42. Kuhesabu ukiwa kitandani, nusu dakika inatakiwa kutoka matone 21. Usisahau pia kupata mili kwa saa, 1000 gawa kwa 8 ni 125, hii namba utaihitaji sasa hivi.

Sasa fikiria stoo ya seti za 20 imeisha na wodi imeletewa za 15. Mwenzako anajua kwa kichwa kwamba lita moja kwa masaa 8 ni matone 42, anatundika, anahesabu 42 safi kabisa, anaondoka. Matone yake sasa ni makubwa zaidi. 42 gawa kwa 15 ni mili 2.8 kwa dakika, yaani 168 kwa saa badala ya 125, na ile chupa itaisha kwenye masaa 6. Jibu sahihi kwa hiyo seti lilikuwa 31. Kijana wa miaka ishirini mwenye figo nzima anaweza asionyeshe chochote, ila mama mzee mwenye moyo uliochoka ataanza kuhema juu juu na kukohoa, na ukienda kuhesabu matone utakuta 42 kama ilivyoandikwa kwenye chati, kwa hiyo kuhesabu matone peke yake hakutakuonyesha kosa liko wapi.

Kinachokuonyesha ni chupa. Chupa imetundikwa saa 2 asubuhi ikiwa na 1000, kwa 125 kila saa, saa 4 inatakiwa ibaki na 750. Ukikuta imebaki karibu 660 na matone bado ni 42, basi shida siyo gurudumu, nenda kasome ile paketi, na kama paketi ilishatupwa muulize aliyetundika alitumia seti gani. Ukikuta 750 haijafika, labda imebaki 850 na matone yamepungua, hapo angalia mkono, mara nyingi kanula iko kwenye kiwiko na mgonjwa kaukunja, au stendi imeshushwa. Ndiyo maana mnafundishwa kubandika plasta pembeni ya chupa na kuweka alama za kila saa. Wengi wanaiacha wakiona ni kazi ya ziada, mimi naona ndiyo kipimo chenyewe, matone ni makadirio tu.

Na usiipe spidi chupa iliyochelewa ili "ifidie" kabla ya saa yake. Mwambie inchaji au daktari kwanza, akiamua yaliyobaki yaende kwa muda fulani mpya ndiyo unahesabu upya kuanzia hapo, kwa mili zilizobaki na dakika zilizobaki.

Kosa lingine la wanaoanza liko kwenye dakika. Metronidazoli mili 100 kwa dakika 30 kwa seti ya 20: 100 mara 20 ni 2000, gawa kwa 30 ni 66.67, matone 67. Kuna anayezidisha ile 30 kwa 60 kwa mazoea maana kashazoea masaa, anapata tone moja kwa dakika na anaandika bila kushtuka. Ukipata namba ya ajabu hivyo rudi kwenye orda uone imeandikwa masaa au dakika.

Kwenye watoto ndiyo kuchanganya haya maneno kunaumiza zaidi. Seti ya 60 ina kitu kizuri, 60 ya matone na 60 ya dakika zinafutana, kwa hiyo mili kwa saa na matone kwa dakika ni namba ileile. Mtoto wa kilo 10 kaandikiwa maji mili 40 kwa saa, kwenye seti ya 60 ni matone 40 kwa dakika, huhitaji hata kalkuleta. Lakini huo mkato ni wa seti ya 60 peke yake. Mtu akiushika kama sheria ya watoto wote, siku wodi haina seti ndogo akaweka ya 20 na bado akahesabu matone 40, mtoto anapata mili 2 kwa dakika, 120 kwa saa, mara tatu ya alichoandikiwa. Kwa seti ya 20 ilitakiwa iwe matone 13. Na kwa mtoto mdogo hata hesabu ikiwa sawa, usimwachie chupa nzima wazi, tumia byureti, ile chemba ndefu yenye vipimo, mwagia maji ya saa moja au mawili tu halafu funga kwa juu, ili hata gurudumu likilegea asipate zaidi ya hapo.

Kuna orda nyingine inakuja tayari ikiwa kwenye matone, na hapa ndipo naomba mtulie kidogo. Leba mtakutana na oksitosini ya kuanzishia uchungu, mfano yuniti 2.5 kwenye mili 500, kuanza na matone 10 kwa dakika na kupandisha taratibu. Orda imeandikwa matone, lakini mama hapokei matone, anapokea dawa. Mwongozo wa WHO unapotoa matone hayo umeshachukulia kwamba mili moja ni matone 20 hivi. Kwa seti ya 20, matone 10 ni nusu mili, na kwa kuwa kila mili ina miliyuniti 5, mama anapata 2.5 kwa dakika. Weka matone 10 yaleyale kwa seti ya 10, ni mili nzima, miliyuniti 5, dozi mara mbili bila mtu yeyote kupandisha chochote, na mfuko wa uzazi unaobanwa kupita kiasi unamnyima mtoto hewa. Kwa hiyo ukisikia "weka matone thelathini", swali lako la kwanza ni seti gani, maana matone bila seti hayana kipimo.

Kwenye pampu mambo haya yote yanakaa pembeni, unaingiza mili kwa saa na mashine inasukuma yenyewe. Dawa kama potasiamu ya mshipani au dopamini ndiyo kazi ya pampu kila inapopatikana, kwa sababu dripu ya gurudumu huwa inabadilika yenyewe mgonjwa akigeuka tu.

Basi kwenye handova sema hivi: "Yuko kwenye ringa lakteti lita moja kwa masaa 8, seti ya 20, matone 42 kwa dakika, imebaki 750." Na mwenzako akisema dropu fakta 42 usimcheke mbele ya mgonjwa, muulize tu polepole, "hiyo 42 umeisoma kwenye paketi au umeihesabu?"