Rifampisini si dawa ya kuanzia

Swali linalotufikia Dodoma kutoka wilayani ni lile lile: goti bandia limepata usaha, rifampisini imeshaanza, tuongeze dawa gani? Isimamisheni kwanza. Rifampisini humalizia kazi ambayo upasuaji umeshaifanya. Haichukui nafasi yake.

Stafilokokasi akishatua kwenye chuma au plastiki hujifunika kwa utando, na ndani ya utando huo wengi huacha kuzaliana. Kloksasilini huua bakteria anayejenga ukuta wake. Aliyetulia haimpati vizuri. Rifampisini humfikia hata huyo, na thamani yake yote hapa ni hiyo. Tatizo ni kwamba badiliko moja tu kwenye jeni la rpoB linatosha kumpa usugu, na wenye badiliko hilo huzuka kama mmoja katika kila bakteria milioni kumi hadi milioni mia. Goti lililojaa usaha linaweza kuwa na idadi inayopita hiyo. Kwa hiyo sugu wachache wamo tayari, na ukianza dawa kabla ya kusafisha, unawafyekea shamba.

Kosa linaloniumiza zaidi ni la vidonge vya TB. Kapsuli za rifampisini pekee zikikosekana, mgonjwa huandikiwa RHZE kwa hoja kwamba dawa ziko nne, basi rifampisini haiko peke yake. Kwa stafilokokasi iko peke yake kabisa! Isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli zimelenga kifua kikuu, hazimlindi mwenzao dhidi ya stafilokokasi. Na kinyume chake kina hatari pia: rifampisini na levofloksasini zote mbili hupiga TB, hivyo kama ugonjwa wa goti ni TB, utaufunika na kuuzoesha dawa. Tishu ipelekwe pia kwenye GeneXpert na histolojia kabla ya kuziunganisha.

Tumchukue mama wa miaka 64 kutoka Kongwa. Siku ya 19 baada ya kuwekewa goti, kidonda kinavuja na goti lina moto. Hana homa kali, presha imetulia, kwa hiyo antibayotiki zinasubiri sampuli. Goti linafunguliwa lote, vipande vitano vya tishu vinachukuliwa kwa vifaa tofauti (pamba ya kufuta kidonda haitoshi, huokota vijidudu vya ngozi), tishu iliyokufa inakatwa, goti linaoshwa kwa lita 6 hadi 9 za maji ya chumvi. Kipande cha plastiki kati ya vyuma kinabadilishwa, kwa sababu nyuma yake huwezi kusafisha kikiwa mahali pake. Vyuma vinajaribiwa kwa mkono: havichezi. Ndiyo maana vinabaki.

Anaanza kloksasilini ya mshipa, gramu 2 kila saa 6. Siku ya tano kidonda kimekauka, mirija imetoka, na maabara inasema ni stafilokokasi aureus anayeuawa na kloksasilini, rifampisini na levofloksasini. Sasa rifampisini inaingia, miligramu 450 mara mbili kwa siku. Baada ya wiki mbili za sindano, levofloksasini miligramu 500 mara mbili inachukua nafasi ya kloksasilini. Jumla ni wiki 12. Kama anatumia dolutegraviri, iwe miligramu 50 mara mbili kwa siku, maana rifampisini huishusha.

Uhakika wetu si mkubwa kama vitabu vinavyoonyesha. Jaribio la Uswisi la 1998 lilikuwa na wagonjwa 33. Kati ya waliomaliza dozi walipona 12 kati ya 12 waliopata rifampisini na siprofloksasini, na 7 kati ya 12 waliopata siprofloksasini pekee. Jaribio la Norwei la 2020, lenye wagonjwa 48, halikuona faida, ila hapo rifampisini iliunganishwa na kloksasilini au vankomaisini. Mimi naendelea kuitoa, lakini sithubutu kusema ndiyo iliyomponya mgonjwa. Naamini usafishaji wa mapema una mchango mkubwa zaidi.

Mama huyo huyo angekuja mwezi wa 14, ana tundu linalotoa usaha na anaumia akikanyaga hatua za kwanza, picha ikionyesha mstari mweusi unaopanuka kati ya saruji na mfupa, kipandikizi kinatoka. Vivyo hivyo kama dalili zimepita wiki tatu au nne, bakteria ni sugu kwa rifampisini, kijidudu ni fangasi, au ngozi haitoshi kufunika chuma. Hutoka chuma chote na saruji yote, hata ile iliyoshika imara ndani ya mfupa, na nafasi hujazwa saruji yenye antibayotiki kwa wiki kadhaa kabla ya goti jipya. Katika kipindi hicho hakuna chuma cha kuokoa, kwa hiyo kawaida siandiki rifampisini.