Hesabu haina kosa, jawabu si lake: dhana potofu kuhusu x iliyo kwenye asili

Mitihani ikikaribia, wanafunzi wangu wa tusheni hapa Wete huja na lalamiko lilelile: "Mwalimu, nimefanya hatua zote sawasawa, mbona nimekatwa maksi?" Nakagua. Hatua kweli ziko sawa.

Dhana: Usipokosea hatua, kila thamani ya x unayoipata ni jawabu.

Hii ndiyo inayonichosha. Chukua x/(x − 2) = 8/(x² − 4). KDS ya asili ni (x − 2)(x + 2). Zidisha pande zote kwa KDS, unabaki na x(x + 2) = 8, yaani x² + 2x − 8 = 0, ambayo ni (x + 4)(x − 2) = 0. Mwanafunzi anaandika x = −4 au x = 2, anafunga daftari.

Irudishe 2 kwenye mlinganyo wa mwanzo: asili zote mbili zinakuwa 0, na hakuna kugawa kwa 0. Imeingilia wapi? Hapo ulipozidisha. x ikiwa 2, KDS yenyewe ni 0, na kuzidisha kwa 0 hufanya hata uongo ukubalike: 5 = 8 si kweli, lakini zidisha pande zote kwa 0, unapata 0 = 0. Kuzidisha kwa KDS hakupotezi jawabu la kweli, ila kunaweza kuongeza lisilokuwamo.

Wapo wanaojitetea kuwa wamehakiki. Wamehakiki kwenye x² + 2x − 8 = 0! Huko 2 itakubali tu, maana ndiko ilikotoka. Hakiki kwenye mlinganyo ulioletwa na swali. Kwa −4, kushoto ni −4/−6 = 2/3, kulia ni 8/12 = 2/3. Basi jawabu ni −4 peke yake.

Mimi huwalazimisha waandike juu ya kazi, kabla hata ya kutafuta KDS: x ≠ 2, x ≠ −2. Wananung'unika, lakini wanaandika.

Dhana: Inayotupwa ni hasi.

Ndiyo maana wengine huitupa −4 na kubaki na 2, wakaambulia patupu. Hasi hutupwa pale hadithi ya swali inapoikataa. Mashua imekwenda kilomita 12 na mkondo, ikarudi 12 dhidi yake, kwa saa 2.5, kasi ya mkondo ni kilomita 2 kwa saa. Kasi ya mashua ni v:

12/(v + 2) + 12/(v − 2) = 2.5

Unapata v = 10 au v = −0.4, na zote mbili zinautimiza mlinganyo. Ila mashua ya kasi hasi hakuna, kwa hiyo ni 10.

Dhana: Zikikataliwa zote, umekosea.

Hata. x/(x − 3) = 3/(x − 3) + 2 hutoa x = 3 tu, nayo haifai. Andika "mlinganyo hauna jawabu" uende swali linalofuata, usirudi nyuma kugeuza alama ili upate cha kuandika.