Chingamu kwenye suruali: baridi kwanza, dawa baadaye, na pasi ikae mbali

Wiki mbili zilizopita mwalimu mmoja aliniletea suruali ya suti, bluu iliyokolea, sufu iliyochanganywa na poliesta, alikuwa amekalia chingamu kwenye takisi akitoka Jinja kuja Kampala. Ni kama kilomita 80 tu ila na ile foleni ya Mukono alikaa juu yake karibu masaa matatu, na joto la mwili likawa linaisukuma ndani ya kitambaa muda wote huo. Alipofika kwa dada yake wakaweka gazeti juu ya doa wakapitisha pasi ya moto, manake kuna mtu aliwaambia gazeti litainyonya yote. Kilichokuwa kama sarafu ya shilingi 500 kikatanda mpaka kikawa saizi ya kiganja, chembamba, kinang'aa, afu na wino wa gazeti umeingia humo humo.

Nafanya kazi ya londri mwaka wa 14 sasa, nilianzia Busia, na nguo za namna hii zinanifikia karibu kila wiki. Nyingi zingetoka nyumbani bila shida, kinachoziharibu ni zile nusu saa za kwanza ambapo mtu anashika maji ya moto au pasi au petroli. Kwa hiyo ngoja nieleze hii suruali ya mwalimu hatua kwa hatua, nikimaliza niguse kapeti na viatu.

Kwanza uelewe hii bigijii ni kitu gani. Ukitafuna, sukari na utamu vinaisha ndani ya dakika chache kwa sababu vinayeyuka kwenye mate, na mate ni maji. Kinachobaki mdomoni hata ukitafuna siku nzima hakiishi, hiyo ndiyo sehemu ya mpira, mchanganyiko wa mpira wa kiwandani, plastiki laini na nta, na yote hiyo haipatani na maji kabisa. Sasa kama masaa manne mdomoni, joto la mwili na kusagwa na meno, havikuiyeyusha, beseni la maji na sabuni ya unga haliwezi kufanya kitu. Maji ya moto ndo yanaongeza shida, yanailainisha halafu inateremka katikati ya nyuzi na kuzizungukia, na hapo hata ukikwangua vipi unakwangua ya juu tu.

Baridi inafanya kinyume chake. Kwa joto letu la Kampala, digrii 25 mpaka 28, ule mpira ni laini na unanata. Ukiushusha sana unakuwa mgumu kama kioo chembamba, haunati tena, na ukiukunja unapasuka. Friza nzuri ya nyumbani inafika kama digrii 18 chini ya sifuri, inatosha kabisa. Ile sehemu ndogo ya juu ya friji ambayo barafu inatengenezeka kwa shida nayo inasaidia, ila utarudia mara nyingi.

Suruali ya mwalimu niliikunja chingamu ikae nje, juu, isiguse kitambaa kingine, nikaiingiza kwenye kavera kubwa bila kuibana, nikaiacha kwenye friza masaa mawili. Iwe kavu, hii wengi hawaifuati. Nguo yenye unyevu inaganda yote, nyuzi zinakuwa ngumu pamoja na chingamu na ukizikunja unaweza kuzivunja.

Ukishaitoa una muda mfupi sana. Kitambaa chembamba cha suti kinarudi kwenye joto la chumba ndani ya dakika moja hivi, nzito kama jinzi labda mbili au tatu. Kwa hiyo meza iwe tayari kabla, taa iwe tayari, na kifaa chako butu: mi natumia kadi ya benki iliyokwisha muda na kisu cha kupaka siagi. Kwanza ukunje kitambaa mara mbili tatu pale pale penye doa, utasikia inapasuka kidogo kidogo, halafu ndo unakwangua kutoka pembeni ukielekea katikati, kadi ikilala karibu sawa na nguo. Ukianza kuona nyuzi za chingamu zinavutika, acha. Acha kabisa, rudisha kwenye friza nusu saa. Huo ndio mstari ambao watu wanauvuka, wanaendelea kukwangua kitu kimeshalainika na wanakitandaza upya, mwisho kitambaa kinachubuka na chingamu bado ipo.

Chingamu ambayo haijapigwa pasi, hii hatua peke yake mara nyingi inaitoa karibu yote na inabaki alama ndogo tu. Ya mwalimu niliirudisha mara tatu na bado kulibaki utando mwembamba ndani ya nyuzi, kwa sababu pasi ilishaishusha huko. Baridi inaweza kuvunja kilichokaa juu, kilichozunguka uzi mmoja mmoja haikifikii. Hapo ndo inakuja kiyeyushi.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Hadwea zinauza vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya, waiti spiriti na tina. Waiti spiriti inatokana na mafuta ya petroli, ni mpole kidogo, inalainisha ule mpira na nta vizuri na inakauka bila kuacha mafuta mengi. Tina ya rangi ni mchanganyiko mkali, mara nyingi ndani yake kuna asetoni au ndugu zake, na hizo zinayeyusha aina fulani za vitambaa zenyewe. Bitana ya suti nyingi za mivumba zinazotoka soko la Owino ni aseteti, ukiidondoshea asetoni inageuka kuwa gundi halafu inakauka na tundu. Dawa ya kutolea rangi ya kucha mara nyingi ni asetoni hiyo hiyo. Soma lebo ya ndani, ukikuta neno acetate au triacetate, asetoni na tina zisikaribie. Kama lebo imekatwa, chukulia kwamba ni hiyo.

Petroli ya kuomba kwa jamaa wa boda usitumie kamwe. Mvuke wake unashika moto hata kukiwa na baridi kuliko friza yako, unatambaa chini chini mpaka kwenye sigiri ya jirani, na nyumba zetu nyingi sigiri iko hatua tatu kutoka mlangoni. Hata waiti spiriti mi natumia nje, kivulini, hakuna moto wala pasi karibu, na glavu mkononi.

Kabla ya doa, nilijaribu kwenye pindo la ndani la mguu: tone moja, dakika tano, halafu nikabana na kitambaa cheupe. Hakikutoka rangi. Kingetoka bluu ningeishia hapo nikamwambia mwenyewe, kwa sababu doa la chingamu kwenye suti ni afadhali kuliko baka lililopauka.

Halafu nikageuza suruali, doa likalala kifudifudi juu ya fulana nyeupe ya pamba iliyokatwa vipande, mfuko wa nyuma nikauvuta pembeni ili chingamu isihamie kwake. Dawa inapakwa kwa nyuma ya kitambaa, ikisukuma uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Unaloanisha pamba, unagonga gonga taratibu bila kusugua, unasubiri dakika mbili, unabonyeza, unahamisha kwenye sehemu safi ya fulana. Kila mara fulana inapokea alama ya kijivu inayonata. Ukiona fulana haipokei kitu tena na nguo bado inanata, ongeza muda wa kusubiri, usiongeze dawa. Kwa doa zima la saizi ya kiganja nilitumia kama vijiko viwili vya chakula tu na vipande 11 vya fulana.

Baada ya hapo nikapaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo, kwa vidole, nikasuuza kwa maji vuguvugu na nikatundika kivulini usiku kucha. Pasi haikuguswa mpaka harufu yote ilipoisha na nikapapasa pale kwa mgongo wa kidole nisikie kama bado pananata. Na kuna kipimo kingine, siku mbili baadaye angalia kama pamekuwa peusi. Utando uliobaki unakamata vumbi, na vumbi la Kampala halikawii.

Chingamu ilitoka yote. Wino wa gazeti haukutoka wote, kulibaki kivuli cha kijivu ambacho ndani ya nyumba hukioni lakini juani unakiona. Nikamwambia, mzee, hii nimefika mwisho wangu, nikiendelea ntakula kitambaa. Akakubali na akaniambia koti refu litafunika.

Kapeti huwezi kuingiza friza, kwa hiyo barafu ndo inaenda kwenye doa. Nunua zile barafu za kwenye kavera, ongeza kavera ya pili ili maji yasivuje, weka juu ya chingamu na kitu kizito, dakika 20 mpaka 30. Ikishakuwa ngumu igonge na mgongo wa kijiko mpaka ipasuke vipande, na vipande hivyo uvitoe hapo hapo kwa vakyum au kwa mkono, kwa sababu vikipata joto dakika chache vinanata tena na sasa una madoa kumi badala ya moja. Mabaki unayafuta na kitambaa kilicholoweshwa waiti spiriti kidogo, kutoka nje kuja ndani. Dawa iende kwenye kitambaa, kamwe usiimwage kwenye kapeti. Kapeti nyingi zina tabaka la mpira mgongoni linaloshika nyuzi, na kiyeyushi kikifika pale kinalilegeza. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja baada ya mtu kumwaga nusu kikombe cha tina, chingamu ilikuwa imetoka kweli, ila baada ya siku tatu kapeti ilikuwa imevimba kama mkate na nyuzi zinang'oka ukizivuta kwa vidole viwili. Ile haitengenezeki, ni kukata kipande na kubandika kingine.

Soli ya mpira ya kiatu ndo rahisi kuliko vyote, friza saa moja ndani ya kavera halafu ichokoe kwenye mifereji na kijiti. Ikibaki kidogo paka mafuta ya kupikia au siagi ya karanga, acha robo saa, mafuta yanailainisha, futa na osha na sabuni. Kwenye soli sawa, kwenye nguo na kapeti sikushauri kwa sababu unabaki na doa la mafuta la kupigana nalo. Soli nyepesi za povu, zile za raba za kukimbilia, usizipake waiti spiriti, zinavimba na gundi inaachia. Na kiatu cha swedi ni baridi peke yake, hakuna mafuta hakuna dawa, kigandishe, bandua, halafu sugua alama iliyobaki na kifutio cha penseli kilicho safi na umalizie na brashi kavu ukiinua manyoya yake.