Wikendi stoplosi haikulindi, ukubwa wa tredi ndo unakulinda

Kwenye dawati letu la elimu kwa wawekezaji kuna lalamiko linajirudia sana Jumatatu, mtu anakuja na picha ya simu anasema broka kamwibia, maana stoplosi aliiweka vizuri kabisa, alikubali kupoteza dola 100 tu, afu soko limefunguka anakuta zimeenda 900 na kitu. Mara nyingi tukikaa naye tukapitia zile oda moja moja tunakuta hakuna aliyemwibia. Oda ilifanya kazi yake kama ilivyoandikwa. Shida ni kwamba yeye aliielewa stoplosi kama ukuta, na stoplosi siyo ukuta, ni maagizo tu yanayosema "bei ikifika hapa, nifungie kwa bei yoyote itakayopatikana". Hilo neno "yoyote" watu hawalisomi.

Siku za kazi soko likiwa wazi bei inatembea hatua ndogo ndogo, kwa hiyo bei itakayopatikana huwa iko jirani na ile uliyoandika na hakuna anayelalamika. Ila soko likifungwa Ijumaa dunia haifungwi nalo. Uchaguzi unafanyika Jumapili, serikali zinatangaza mambo Jumamosi usiku, vita inaanza saa yoyote. Soko likifunguka bei haianzii pale ilipoachwa, inaanzia pale ambapo wanunuzi na wauzaji wamekubaliana baada ya kusikia habari, na katikati hapo hakuna aliyenunua wala kuuza, ndo tunaita gepu. Kama stoplosi yako iko ndani ya lile shimo, utafungiwa ng'ambo ya pili ya shimo.

Ngoja nichukue wikendi moja ambayo ilitokea kweli tuihesabu pole pole. Ijumaa tarehe 13 Septemba 2019 mafuta ya Brent yalifunga kwenye dola 60.22 kwa pipa. Jumamosi alfajiri mitambo ya Abqaiq na Khurais kule Saudi Arabia ikashambuliwa, karibu nusu ya uzalishaji wa nchi ile ukasimama, mapipa kama milioni 5.7 kwa siku. Soko lilipofunguka Brent ikaruka mpaka 71.95, karibu asilimia 20, afu ikatulia kidogo na kumaliza Jumatatu kwenye 69.02.

Sasa mchukue mtu ambaye Ijumaa ile alikuwa amebonyeza Sell kwenye 60.50 akitegemea bei ishuke. Huyu tunamtunga ila bei ni za kweli. Akaunti yake ina dola 10,000, anafuata ile kanuni ambayo kila mtu anafundishwa ya kutohatarisha zaidi ya asilimia 1, yaani dola 100. Stoplosi kaiweka 61.50, umbali wa dola 1, kwa hiyo anaruhusiwa mapipa 100. Mpaka hapo hajakosea hesabu yoyote. Tuseme Jumatatu oda yake ikafungwa kwenye 70, tofauti na alipoingilia ni dola 9.50, zidisha kwa mapipa 100 unapata hasara ya 950. Alipanga asilimia 1, imeondoka 9.5. Inauma ila yuko hai.

Mchukue wa pili, ana akaunti ileile na kanuni ileile ya asilimia 1, ila yeye anajiona mwangalifu zaidi maana stoplosi yake ni ya karibu, senti 25 tu. Kwa sababu umbali ni mdogo, hesabu inamruhusu mapipa 400. Jumatatu naye kafungiwa 70 palepale na mwenzake, anapoteza 3,800. Na wa tatu mwenye stoplosi ya senti 10 atakuwa na mapipa 1,000, mzigo wa dola 60,500 juu ya akaunti ya 10,000, na kwa levareji ya 1:10, yaani unaweka dola 1 kushika mzigo wa dola 10, mfumo unamkubalia kabisa maana dhamana inayotakiwa ni 6,050. Huyo kwenye 70 anapoteza 9,500, na kama alifungiwa kule juu kabisa kwenye 71.95 hasara yake ni 11,450, akaunti imeisha na broka anamdai 1,450.

Hapa naomba mtu asimame kidogo, maana hili ndo jambo lenyewe. Wote watatu wameandika asilimia 1 kwenye daftari zao. Mwenye stoplosi ya karibu zaidi, yule anayejiona ana nidhamu kuliko wote, ndo kaumia zaidi, kwa sababu gepu haiulizi stoplosi yako iko wapi, inauliza una mapipa mangapi. Ile hesabu ya kugawa hatari kwa umbali wa stoplosi ni sahihi soko likiwa wazi, ila ukiibeba vilevile mpaka wikendi inageuka, kadiri stoplosi inavyokuwa karibu ndo unavyobeba mzigo mkubwa kuingia nao gizani.

Kwa hiyo tredi inayolala inahitaji hesabu ya pili, na stoplosi haimo humo kabisa. Unajiuliza vitu viwili tu. Kwanza, gepu mbaya ya kitu hiki inaweza kuwa asilimia ngapi. Pili, ikitokea dhidi yangu, niko tayari akaunti ipoteze asilimia ngapi na bado niendelee kufanya kazi kesho yake. Ukigawa cha pili kwa cha kwanza unapata mzigo wako unaruhusiwa kuwa sehemu gani ya akaunti. Tuseme kwa mafuta unakadiria gepu ya asilimia 20 na hutaki kupoteza zaidi ya asilimia 5, basi 5 gawa kwa 20 ni robo, mzigo wako usizidi robo ya akaunti. Robo ya 10,000 ni 2,500, kwa bei ya 60 ni mapipa kama 41, weka 40. Afu unalinganisha na ile hesabu ya stoplosi, ilikupa 100, hii imekupa 40, unachukua ndogo. Yule mtu wetu wa kwanza angefunga mapipa 60 Ijumaa kabla soko halijafungwa na kubaki na 40, Jumatatu kwenye 70 angepoteza 380 badala ya 950.

Na kuna kitu kingine kuhusu wikendi ile ambacho mimi huwa nakirudia sana. Kufika mwisho wa Septemba ileile Brent ilikuwa imesharudi karibu na 60. Yaani aliyesema mafuta yatashuka hakuwa amekosea sana, ila aliyekuwa na mapipa 1,000 hakuwepo tena kuona hilo, na aliyekuwa na 40 alibaki na akaunti karibu nzima ya kuingia tena akitaka.

Ile namba ya gepu unaipataje? Fungua chati ya siku ya kitu unachotredi, rudi nyuma miaka mingi kadiri data inavyoruhusu, andika bei ya kufunga Ijumaa na ya kufungua Jumatatu, tafuta tofauti kwa asilimia. Usichukue wastani, wastani utakudanganya maana wikendi nyingi hazina kitu. Chukua kubwa kuliko zote, afu ongeza juu yake, mimi huongeza nusu. Sababu ya kuongeza ni kwamba kubwa iliyopita siyo mwisho wa uwezekano. Miezi 6 tu baada ya tukio lile, Machi 2020, nchi wazalishaji zilishindwa kuelewana kuhusu kupunguza uzalishaji, Brent ikafunga Ijumaa kwenye 45.27 na soko lilipofunguka ikashuka mpaka 31.02, asilimia kama 31. Mwenye kununua aliyepanga kwa asilimia 20 na mzigo wa robo angepoteza karibu asilimia 8 pale chini kabisa, zaidi ya alivyotaka, ila siyo msiba.

Hisa ni kesi yake, maana zenyewe zina gepu kila usiku na siyo wikendi tu, na kampuni nyingi zinatoa matokeo yao soko likiwa limefungwa, kwa hiyo angalia kalenda kabla hujalala nazo. Sarafu kubwa zinatembea usiku na mchana siku 5, gepu zake nyingi ni za wikendi na huwa ndogo. Ila huwa tunawakumbusha watu tarehe 15 Januari 2015, ilikuwa Alhamisi asubuhi, soko liko wazi, benki kuu ya Uswisi ikaondoa kile kizingiti cha franka 1.20 kwa euro moja ilichokuwa inakilinda tangu 2011, na ndani ya dakika chache euro ikawa chini ya franka 1. Watu wengi waliamka wanadaiwa na mabroka. Wadhibiti wa Ulaya, ESMA, walikuja kuagiza mwaka 2018 kwamba mteja wa kawaida wa si-efu-di, ile mikataba ya kutredi bei bila kumiliki kitu chenyewe, asipoteze zaidi ya pesa iliyomo kwenye akaunti yake, ila broka wako akiwa nje ya huko usidhani unalindwa, soma mkataba wako. Hata ile broka kukufungia tredi kwa nguvu dhamana ikiisha haisaidii kwenye gepu, maana naye anafunga kwa bei ileile ya kufungulia soko.

Kabla ya kulala na tredi pia jumlisha zinazoenda pamoja. Mtu ana Sell ya mafuta, afu ana Buy ya USDCAD, yaani kanunua dola ya Marekani kwa dola ya Kanada, anaona ni tredi mbili tofauti, kumbe dola ya Kanada inapenda kupanda mafuta yakipanda, habari moja inaweza kumpiga kote kote. Zihesabu kama mzigo mmoja. Na oda zinazosubiri ambazo bado hazijaingia, zile Buy Stop na Sell Stop, zifute Ijumaa, kwa sababu gepu ikizivuka zitaingizwa kwa bei mbaya kabisa na ukubwa uliopangwa kwa siku za kawaida.

Kuna stoplosi za uhakika ambazo baadhi ya mabroka wanauza, unalipia na wao wanabeba gepu. Pale zilipo na bei yake siyo kubwa ukilinganisha na mzigo wako, naona ni pesa halali kulipa. Opsheni ukizinunua, yaani haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa, nazo zinafanya kazi hiyo, hasara yako inaishia pale ulipochagua.

La mwisho ni la malalamiko ambayo hayana hata gepu ndani yake. Mtu anasema chati haijagusa stoplosi yangu na nimefungiwa. Kwenye MetaTrader chati kwa kawaida inachora bei ya Bid, ile unayouzia, lakini tredi ya Sell inafungwa kwa Ask, ile unayonunulia, na soko linapofunguka baada ya wikendi spredi, yaani tofauti ya hizo mbili, huwa pana kwa dakika kadhaa. Washa mstari wa Ask kwenye mipangilio ya chati, utaona mwenyewe muda ule Ask iko juu ya Bid kiasi gani.