Saa za Kiswahili kwenye maelezo ya onyo, na namna ya kuzilinganisha na nakala ya Kiingereza

Kwa hesabu ya Kiswahili siku ina mafungu mawili ya saa kumi na mbili. Fungu la mchana linaanzia saa 12 alfajiri, la usiku linaanzia saa 12 jioni. Ndiyo maana saa 2 asubuhi huandikwa 08:00 kwenye nakala ya Kiingereza, na saa 2 usiku huandikwa 20:00. Tofauti ni saa sita, dakika haziguswi. Saa tatu kasorobo usiku ni 20:45.

Hilo kila mtu wa Tanga analijua tangu utotoni. Taabu huanza pale maelezo yaliyotolewa kwa Kiswahili yanapotafsiriwa kwa ajili ya jalada, saa moja ikabadilishwa na nyingine ikaachwa ilivyo. Penye maelezo ya onyo, yaani yale anayotoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake, kosa hilo ni zito, kwa sababu Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa nne tangu alipowekwa chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kwa utaratibu. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo wakili huyapinga, na mahakama inaweza kuyakataa.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mtu amekamatwa Ngamiani tarehe 14, saa 2:20 usiku, wakati watu wanatoka msikitini baada ya swala ya Isha. Maelezo yake yakaanza kuandikwa saa 4:30 usiku, yakamalizika saa 5:40. Kwa hesabu ya Kiingereza amekamatwa 20:20, ameanza kuhojiwa 22:30, amemaliza 23:40. Toka kukamatwa hadi mwisho ni saa tatu na dakika ishirini, yaani yumo ndani ya muda, ambao ungeisha 00:20.

Sasa nakala ya Kiingereza inasema amekamatwa 02:20 tarehe 14, akahojiwa kuanzia 22:30. Mfasiri ameona neno "usiku", akaiacha 2:20 kama ilivyo, kisha saa ya mahojiano akaibadilisha sawasawa. Anayesoma nakala hiyo peke yake anaona mtu ameshikiliwa saa ishirini na dakika kumi kabla ya kuulizwa lolote.

Kosa la namna hii hukamatwa kwa kulinganisha nafasi kati ya matukio. Chukua saa mbili zinazofuatana kwenye Kiswahili, hesabu muda kutoka ya kwanza hadi ya pili, kisha fanya hivyo hivyo kwenye Kiingereza. Kiswahili kinatoa saa mbili na dakika kumi. Kiingereza kikitoa zaidi au pungufu, kuna saa moja haikubadilishwa. Lakini kipimo hiki kina upofu wake. Mfasiri akiziacha zote mbili, 02:20 na 04:30, nafasi inabaki ile ile na hutaona kitu. Hapo tafuta tukio lenye wakati wake ndani ya maelezo yenyewe: adhana, jua kuzama, soko kufunguliwa. Waliotoka kwenye swala ya Isha hawawezi kuwa barabarani 02:20 kwa sababu hiyo. Tanga jua huzama takriban kati ya saa 12 na robo na saa moja kasorobo jioni, kutegemea mwezi. Saa 12:30 jioni ikitafsiriwa kuwa 12:30 ya mchana, inapita kwa urahisi mno, kwa kuwa tarakimu hazijabadilika na zote ni baada ya adhuhuri. Hiyo ikaguliwe kwa makini kuliko zote.

Tarehe nayo ina mtego. Kisheria tarehe hubadilika saa sita usiku, lakini mzee wa pwani akisema "usiku wa Ijumaa" huenda anakusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Aulizwe palepale wakati wa kuandika, na iandikwe "Alhamisi usiku kuamkia Ijumaa". Saa saba usiku kuamkia tarehe 15 ni 01:00 ya tarehe 15.

Tena kuna saa ambazo hazibadilishwi kabisa. "Nilimsubiri saa mbili" ni muda, si saa ya ukutani. Vivyo hivyo "baada ya saa mbili" huweza kuwa muda uliopita au wakati wowote kuanzia 08:00 au 20:00. Sentensi kama hiyo isifasiriwe kwa kukisia. Irudishwe kwa aliyeandika.

Ukiona kosa, usifute wala kuchora juu ya maelezo ya asili, kwani hayo ndiyo aliyoyasaini mhusika. Kinachorekebishwa ni tafsiri, na mfasiri ndiye anayesaini marekebisho. Kwa nyaraka mpya andika saa mara mbili tangu mwanzo: saa 2:20 usiku (20:20), tarehe ikiwa pembeni yake.