Tangazo la kazi lisilotaja majukumu: dhana potofu na ukweli

Binti wa jirani yangu hapa Ngamiani alinionyesha tangazo lililobandikwa mlangoni mwa ofisi moja ya uwakala wa forodha, mjini Tanga: "Anahitajika karani. Awe makini, awe tayari kufanya kazi muda wowote. Leta barua ya maombi." Basi.

Dhana: Tangazo halina majukumu, kwa hiyo barua nayo iwe ya jumla.

Ukweli: Majukumu yamo, ila yamejificha. Anza na biashara yenyewe. Wakala wa forodha hutoa mizigo ya wateja bandarini, na kazi hiyo huendeshwa na hati. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Ukikosea moja, hati hazilingani, mzigo unakwama na gharama za kuuhifadhi zinapanda. Hapo ndipo "makini" linapopata maana: anatafutwa mtu wa kukagua namba, majina na uzito kabla hati haijatoka ofisini. "Muda wowote" nalo linaeleweka, kwa sababu meli haifuati saa za ofisi.

Rasimu ya kwanza ya binti huyo ilisema, "Mimi ni mchapakazi na mwaminifu." Maneno hayo yangefaa hata kwa kazi ya hotelini. Nikamuuliza alikuwa akifanya nini hasa kwenye duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi. Tukaandika hivi:

"Kwa kuwa ofisi yenu hutoa mizigo bandarini, naamini karani wenu atashika hati nyingi zinazopaswa kulingana. Kwa miaka miwili nimepokea mizigo dukani kwa kulinganisha hati ya msambazaji na bidhaa zilizoshushwa, na kila upungufu niliuandika kabla dereva hajaondoka. Naishi Ngamiani, naweza kufika mjini hata usiku."

Angalia neno "naamini". Halidai kwamba unajua mambo ya ndani ya ofisi, linaonyesha tu kwamba umefikiri. Kama umekisia vibaya, mwajiri atakusahihisha kwenye usaili.

Dhana: Ukishakisia mahitaji, jipe ujuzi unaolingana nayo.

Ukweli: Hapana, na hili nalisema kwa uchungu maana nimeona vijana wakiumbuka. Binti huyu hajawahi kugusa mfumo wa forodha, na barua haikusema amewahi. Swali moja tu la usaili lingemfichua.

Dhana: Kuuliza kabla ya kuandika ni usumbufu.

Ukweli: Swali moja fupi la kikazi halimkeri mtu. Mshahara usiutaje. Alikwenda asubuhi, akaamkia, akamuuliza mama wa mapokezi: "Samahani mama, karani huyu atakaa zaidi ofisini au atakwenda bandarini?" Akajibiwa, "Ofisini, mwanangu, ila hati atazipeleka bandarini mwenyewe." Jioni ile tukaongeza sentensi moja: ana pikipiki ya nyumbani, na leseni anayo.